Namba Zilizobaki Kwenye Matundu

Mtu akikuambia kuchaji simu za watu ni kazi ya kukaa kivulini, mpe funguo za kibanda siku ya mnada, akae yeye. Mimi nimekaa pale Lingeka miaka sita, kando ya uwanja wa ng'ombe, na kivuli chenyewe sijakiona. Nguzo za umeme zimepita barabarani, lakini maboma mengi ya wafugaji yako mbali na nguzo, kwa hiyo wiki nzima simu zinazima moja moja huko porini, halafu siku ya mnada zote zinanijia kwa mpigo. Kila mwenye simu anataka yake iwe ya kwanza, na kila mmoja ana sababu.

Sababu hazinisumbui. Kinachonisumbua ni mazoea. Mtu anaacha simu inayodai chaji ya tundu dogo, anaenda zake, anarudi baada ya saa tatu anauliza kwa nini haijajaa, kumbe waya aliouacha umekatika ndani tangu mwaka jana na anajua. Mwingine anakuja na waya mbovu, anaondoka na wangu mzima, tena kwa uso mkavu kabisa. Nilipaka waya zangu rangi nyekundu ya kucha kwenye shingo. Wiki mbili baadaye nikaona mwanamke sokoni ana waya wenye shingo nyekundu, nikamuuliza ameutoa wapi, akaniambia ni urembo. Nikarudi kibandani kimya kimya, maana ningejibu ningefungwa.

Mwaka ule nilikuwa nimechoka na ekstensheni. Nilikuwa na ekstensheni tatu ukutani, kila tundu lina chaja yake, kila chaja ina mdomo wake, na meza yote ilikuwa nyaya tupu. Nikafunga safari hadi Bariadi kununua chaja moja kubwa ya matundu ishirini, ile inayochomekwa kwenye soketi moja na kugawa kwa simu nyingi. Duka lilikuwa nazo za aina mbili. Moja ilikuwa ya matundu kumi, nzito, kila tundu na kizuizi chake pembeni cha kuegemeza simu. Nyingine ilikuwa ya matundu ishirini, nyepesi, inawaka taa za bluu. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ya ishirini ndiyo habari ya mjini. Boksi limeandika amp arobaini, unataka nini tena?" Mimi nikaona ishirini ni nyingi kuliko kumi, hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, nikalipa.

Boksi liliandika amp arobaini kwa herufi kubwa. Tumbo la chaja lenyewe, upande wa chini ambako hakuna anayeangalia, liliandika volti tano, amp nane. Nane hizo ugawanye kwa simu ishirini, kila moja inapata chini ya nusu amp. Kwa vile visimu vya kubonyeza vya wachungaji si mbaya, vinaridhika na nusu. Lakini smatifoni inataka mbili, ukiinyima haisemi, inaonyesha tu kamchoro ka betri na kutojaa mpaka jioni. Hayo niliyajua baada ya kulia. Cheap ni ghali, wanasema watu wa mjini, nami nimeongeza kwamba ghali yenyewe hailipwi siku hiyo hiyo.

Namba nilizibandika mwenyewe. Nilikata vipande vya dumu la mafuta, nikaandika moja hadi ishirini kwa kalamu ya wino mzito. Kipande kimoja nikakigandisha juu ya kila tundu, na kipande cha pili chenye namba ile ile nikawa nampa mteja. Simu yako iko tundu la saba, una kipande cha saba, unaleta, unachukua. Nilijiona fundi. Kila aliyepita nilimwonyesha.

Siku ninayoisema ilianza vibaya kwa sababu mama mmoja alikuja mapema. Simsemi vibaya, ni mama mzito wa heshima, mkulima wa pamba, anatoka kijiji cha pili, alikuja na simu yake ndogo nyeusi ya tochi imefungwa kwenye ncha ya kanga. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, naye akaitikia, akanipa simu, akachukua kipande cha tano, akaketi kwenye benchi langu la mbele. Akakaa. Sikuwa na shida na kukaa kwake. Aliniambia binti yake wa pili yuko hospitali Bariadi tangu juzi, uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya, na binti mkubwa ndiye anayemuuguza. Yeye mwenyewe angepanda gari kesho yake. Kwa siku hiyo alitaka simu ijae ili habari zikija zimkute.

Haikupita nusu saa nikasikia kikohozi nyuma ya kibanda. Kuna kidirisha kule nyuma cha kutoa joto. Nikachungulia, nikamwona mwanaume kijana ameinama kama anayeogopa risasi. Alikuwa mkwe wa yule mama, mume wa huyo huyo binti aliyeko hospitali.

Inabidi nieleze, maana msomaji wa mjini atadhani hawa wana ugomvi. Hawana. Kwetu mwanaume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kuepukana. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na kitu anachotumia huyu mwingine hakigusi ovyo. Siku hizi Bariadi utawaona wamekaa kochi moja wanaangalia tamthilia, lakini hawa wawili walikuwa wa kizamani, na kadiri walivyopendana ndivyo walivyokimbiana. Huyo kijana ndiye aliyemnunulia mama ile simu wakati wa mahari. Alinunua mbili, duka moja, siku moja, nyeusi zote, ya kwake na ya mama. Alijivunia hilo.

"Dada," akaninong'oneza kidirishani, "imezima. Naomba uichaji ikiwa imewashwa, usiizime. Mke wangu anaweza kupigia. Nina dume moja la kuuza pale, nauli na vifaa vya hospitali vitoke hapo. Ikiita tu, nipigie yowe."

"Zunguka mbele uchukue namba," nikamwambia.

"Mama yupo."

"Namwona yupo. Zunguka."

"Dada, siwezi. Mama yupo." Akaisukuma simu dirishani, akatoweka kati ya ng'ombe.

Nilikasirika. Kanuni yangu ilikuwa moja tu, hakuna simu bila kipande, na huyu kaivunja akiwa ameinama. Lakini mwenye mke hospitali humwambii neno. Nikaichomeka tundu la sita, karibu na ya mama mkwe wake, nikasema moyoni hizi mbili nitazikumbuka: ya mama kushoto, ya mkwe kulia. Mtu mzima na akili zangu, nikaweka biashara yangu kwenye kulia na kushoto.

Kufikia saa saba matundu yote ishirini yalikuwa yamejaa. Nikasikia harufu. Ilikuwa ya plastiki inayoanza kufikiria kuyeyuka. Nikaigusa chaja, nikautoa mkono haraka. Taa za bluu zikazimika zote kwa pamoja, zikawaka, zikazimika tena. Ilikuwa inajikata yenyewe kwa joto, ikipoa kidogo inarudi, ikirudi inachemka upya. Na foleni mbele yangu imesimama, kila mmoja na neno lake.

"Dada, yangu vipi?"

"Inaungua?"

"Si tulikuambia zile za zamani ni nzuri?" Hakuna aliyeniambia. Hakuna hata mmoja.

Nikachomoa chaja yote ukutani, nikashusha ekstensheni zangu tatu za zamani, nikaanza kuhamisha simu moja moja. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na naliandika kama lilivyo: namba zilikuwa zimebandikwa kwenye matundu. Hazikuwa kwenye simu. Nilipozihamisha simu, namba zilibaki pale pale juu ya chaja iliyoungua, zimejipanga vizuri moja hadi ishirini, hazina kazi tena. Smatifoni nilizijua kwa makava yake na nyufa zake. Visimu vya kubonyeza nilivipanga kwa kukumbuka. Ya mama kushoto, ya mkwe kulia. Lakini sasa nilikuwa nimegeuka, ukuta uko upande mwingine.

Baada ya muda mama akasimama, akasema jua linakwenda na ana ndama wa kufungia. Akanipa kipande cha tano. Nikampa simu nyeusi ya tochi, imejaa vistari vyote. Akaifunga kwenye ncha ya kanga bila kuiangalia, akanishukuru, "Wabeja," akapanda bodaboda.

Mkwe wake alizunguka mbele mama akiwa ameshaondoka kama nusu saa. Uso ulikuwa na nafuu; dume limeuzwa. "Imeita?" akauliza. Nikamwambia haijaita, nikampa simu. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na kipande cha plasta, ile ya kidonda, kimeshikilia mfuniko wa betri. Akaiweka kwenye meza yangu upesi kama chungu cha moto.

"Hii ya mama," akasema.

"Ina maana yako ameenda nayo."

"Hii ya mama," akarudia, akasogea nyuma hatua mbili.

Nikachukua simu yangu, nikamwomba namba yake, nikaipiga. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikapiga mara nne. Nikajua simu imesikika, maana mama yule masikio yake mazuri kuliko yangu. Nikajua pia kwa nini haipokelewi. Ameshaigeuza kama alivyoigeuza mkwe wake, ameona plasta haipo, amejua ni ya nani. Simu ya mkwe haipokelewi. Na kusoma hasomi, kwa hiyo jina au namba inayotokea kwenye kioo, iwe yangu, iwe ya mwanawe, kwake ni michoro tu.

"Basi piga hospitali kwa simu yangu," nikamwambia. "Piga mkeo."

"Namba iko kwenye simu."

"Huijui kichwani?"

"Dada, nani anajua namba kichwani?"

Hata mimi sijui ya mume wangu, kwa hiyo sikuwa na la kumcheka. "Basi hii hapa ya mama," nikasema. "Namba ya binti yake imo humu. Fungua."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia mke wako yuko kwenye uchungu, Mungu atakusamehe na mama atakusamehe. Akaangalia chini. Machozi yalikuwa yanamlenga na bado mikono alikuwa ameifunga nyuma. Nilitamani kumtandika kwa waya. Namaanisha hivyo hivyo. Nilitamani pia kumkumbatia, lakini kutandika ndiko kulikonijia kwanza.

Sasa mimi nami nina mwiko wangu. Simu ya mteja siifungui. Sisomi, sipokei, sitazami picha. Ikiita naiacha iite, nikiweza namwita mwenyewe. Simu ya mtu ni chumba chake cha kulala, na siku watu wakijua unachungulia, hakuna atakayekuachia tena. Nilikuwa nimemcheka mama kwa kutopokea simu ya mkwe, na mimi nimeikodolea macho simu ya mama mezani, siigusi. Tulikuwa wawili tumesimama tunakiogopa kisimu cha tochi.

Kikaita chenyewe. Nikapokea. Miaka sita, hiyo ndiyo ya kwanza. Nikabonyeza spika, nikakiweka mezani ili kijana asikie bila kukishika.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya dada mkubwa, yule anayeuguza. "Mama, shemeji yuko wapi? Tumempigia hapokei. Mdogo wangu amepiga mwenyewe mara saba. Wanampasua, amesaini, ila alisema kwanza asikie sauti ya mume wake."

Kijana akasogea mezani. "Nipo, shemeji. Mpe simu. Nipo hapa."

"Ameshaingia," dada akasema. "Sasa hivi. Wamemsukuma sasa hivi."

Kijana akachuchumaa pale chini, mgongo kwenye mbao za kibanda changu. Nilimwambia dada wa hospitali asikate tamaa na apige namba hii hii, nikakata, nikachomeka simu ya mama kwenye chaja nzuri niliyokuwa nayo ingawa ilikuwa imejaa tele. Sikujua mikono niiweke wapi.

Mama alirudi jua likiwa limeinama. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu simu ya mkwe imeviringishwa kwenye kitambaa cha vyombo, hata ncha haionekani. Alitafuta mtu wa kumtuma akakosa, majirani wote wakiwa mnadani, ndipo akaileta mwenyewe. Alipomwona mkwe kachuchumaa mbele, akasimama mbali, akageuzia uso barabarani. Kijana naye akainuka kutaka kukimbilia nyuma.

"Hakuna anayekwenda nyuma," nikasema. Nilikuwa nimechoka. "Kaeni hapo hapo mlipo."

Wakakaa. Mama akiangalia barabara, mkwe akiangalia mbao, wametengana hatua kumi. Nikamweleza mama yote kwa Kisukuma, taratibu. Mwanao yuko chumba cha upasuaji. Zile simu ulizoziacha ziite, saba zilikuwa zake. Mama alishika mdomo kwa kanga. Kisha akaniambia mimi, ingawa kijana alikuwa anasikia kila neno:

"Mwambie mkwe wangu sikujua."

"Mama anasema hakujua," nikasema.

"Mwambie mama simlaumu," kijana akasema.

"Anasema hakulaumu."

"Mwambie apande gari la jioni. Kesho ni mbali."

"Anasema panda gari la jioni."

Na mimi katikati kama nguzo ya simu, napokea hapa napeleka pale, watu wenyewe wangeweza kurushiana jiwe. Dada wa hospitali alipiga kabla gari halijafika. Mtoto wa kike, analia vizuri. Mama yake amelala, damu aliyoongezewa imetosha. Nikasema kwa sauti ili wasikie wote bila kutumana. Mama akapiga kigelegele akiwa ameelekea barabarani. Nikatoa simu ya kijana kikapuni, nikampa, akakimbilia gari.

Wiki nyingi baada ya hapo niliwasimulia watu kisa hiki kama kisa cha mila. Watu walicheka sana. Niliwaiga wote wawili, mama na kikapu, mkwe na kidirisha. Niliwaambia, mnaona heshima inavyoweza kumponza mtu. Ile chaja ya ishirini niliirudisha Bariadi, muuzaji akanionyesha kibao cha bidhaa ikiuzwa hairudishwi, nikatoa pesa nyingine nikanunua mbili za matundu kumi, zile nzito. Safari hii niligeuza tumbo na kusoma kabla sijafungua pochi: volti tano, amp ishirini na nne kwa matundu kumi, na kila tundu linajikata lenyewe peke yake likizidiwa. Nikatengeneza kabati la mbao lenye wavu wa kuku mbele, hewa ipite, kufuli juu. Waya zangu nikazifunga kwenye ubao zisitoke. Namba sasa zinafungwa kwa mpira kwenye simu yenyewe, na simu haihami bila namba yake hata nyumba ikiungua. Mteja anaigeuza mbele yangu, tunaangalia mgongo pamoja, ufa uko wapi, plasta iko wapi. Anayepita kidirisha cha nyuma nampa kipande kidirishani. Kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho. Kipande kinapita dirishani vizuri tu.

Binti mwenyewe alikuja miezi mitano baadaye, siku ya mnada, mtoto mgongoni. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa mama yake. Akatoa simu yake, ndogo, nyekundu, akaiweka kwenye meza, na kabla sijatoa kipande akaniuliza kwa upole kabisa.

"Dada, siku ile simu ya mume wangu ilikuwa wapi? Kila mtu ananiambia hadithi ya kuchekesha."

Nilikuwa na hadithi hiyo mdomoni, imeiva, na foleni nyuma yake ilikuwa tayari kuisikia tena. Ilikwama. Nikamwambia mama yako hana kosa, na mume wako hana kosa. Nikamwambia namba nilizibandika kwenye matundu, nilitakiwa kuzifunga kwenye simu, na chaja ilipochemka nikachanganya. Nilimpa mama yako simu isiyo yake kwa mkono wangu huu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa," akasema. Hakukasirika, na kwa kweli ningependa angekasirika.

Nikamwonyesha kabati, wavu, kufuli, mipira na namba. Akaangalia kila kitu, akasema ni kizuri. Nikachomeka simu yake, nikampa kipande cha namba kumi na mbili. Akakipokea, akanishukuru, kisha, kabla sijafunga kabati, akaitoa simu na waya wake kadiri ulivyofika, akaketi kwenye benchi, simu mkononi ikiwa imechomekwa. Nilimwambia itachukua saa mbili. Akasema sawa. Mtoto akaamka, akanyonya, akalala tena, na yeye akaishika simu vile vile mpaka ikajaa.